Tusilihukumu giza kwa grafu moja

Wahariri wengi wa video wana hukumu iliyo tayari: grafu ya watazamaji wa YouTube ikishuka penye tukio la usiku, giza ndilo lililowafukuza watu, na dawa yake ni kung'arisha picha.

Hoja hiyo ina msingi unaopimika. Katika video ya kawaida ya biti 8, weusi kamili ni 16 na weupe kamili ni 235. Sehemu yenye thamani 40, tuseme shati jeusi usiku, hutoa karibu nusu ya asilimia moja tu ya mwanga wa juu wa skrini. Kwenye simu ambayo mwanga wake wa juu ni niti 500, niti ikiwa kipimo cha mwanga wa skrini, hizo ni niti 2.5. Mtu akitazama nje kivulini mchana, kioo chaweza kumrudishia niti mia moja hivi za mwanga wa anga. Shati hilo hataliona hata kidogo.

Ila kutoka "hakuliona" hadi "ndiyo maana aliondoka" kuna hatua ambayo wengi huiruka, na makosa huanzia kwenye kipimo chenyewe. Amri hii ya programu ya ffmpeg hupima mwangaza wa fremu mbili kwa kila sekunde na kuuandika kwenye faili ya mwanga.txt:

```
ffmpeg -i video.mp4 -vf "crop=1920:804,fps=2,signalstats,metadata=print:file=mwanga.txt" -an -f null -
```

Sehemu ya `crop` ni ya video yenye mistari myeusi juu na chini. Kama mistari hiyo haipo, iondoe `crop`. Lakini ikiwapo, isipuuzwe. Mistari hiyo hula robo ya fremu ya 1920×1080, hivyo picha yenye wastani wa 60 itasomeka kama 49, na filamu nzima itaonekana ya giza kwa sababu ya mistari tu.

Ndani ya faili, wengi huchukua YAVG, yaani wastani wa mwangaza, wakaishia hapo. Mimi naona YHIGH ina maana zaidi: ni thamani ambayo asilimia 90 ya pikseli hazizidi. Uso uliomulikwa na taa katikati ya usiku, ukijaza zaidi ya sehemu ya kumi ya fremu, huipandisha YHIGH hata YAVG ikibaki chini. Jicho lina pa kutua. Tukio ambalo namba zote mbili ziko chini ndilo la kushukiwa.

Sasa grafu. Data yake ya kubaki kwa watazamaji huja kwa vipande 100, kwa hiyo video ya dakika 10 hupata kipande kimoja kila sekunde 6, sawa na vipimo 12 vya mwangaza vya kuwekea wastani. Tuchukue mfano: tukio la usiku linaanza dakika ya 4:00 na kuisha 4:48. Waliobaki wanashuka kutoka asilimia 48 hadi 40. Inatisha. Lakini mara tukio linapoisha, grafu inapanda hadi 44. Watu hawafufuki, hao asilimia 4 walirusha mbele, hawakuondoka. Hasara halisi ni 4. Ukiangalia sekunde 48 zilizotangulia, zenye jua kali, grafu ilitoka 52 hadi 48: hasara ileile. Tukio hilo huenda ni refu mno au halina jipya, na kuling'arisha hakutalifupisha. Mwanzo na mwisho wa video viondolewe kabisa kwenye hesabu, maana hapo watu hukimbia sana na ndipo picha hufifia hadi weusi.

Kuhusu simu, grafu hiyo huwachanganya wenye simu na wenye televisheni. Ripoti ya YouTube ya aina ya kifaa hutoa dakika zilizotazamwa na idadi ya mara video ilipotazamwa. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Wa simu kwa kawaida hukaa muda mfupi zaidi, hivyo linganisha uwiano wa simu kwa TV. Tuseme video yenye mwanga ina dakika 3.0 kwa MOBILE na 4.5 kwa TV, na ya giza yenye urefu uleule ina 2.4 na 3.6. Zote mbili ni theluthi mbili. Video ya giza imepoteza watu hata sebuleni, basi kioo cha simu hakina hatia. Uwiano ungeshuka kwa simu peke yake, na katika video kadhaa, ningekubali mashtaka.

Hata hapo singepandisha mwanga wa fremu nzima. Wanaobana bando hutazama kwa 240p au 360p, na mbano huo huacha vipande vya mraba kwenye vivuli. Ukivipandisha vivuli, miraba nayo hujitokeza. Pandisha uso wa anayezungumza hadi YHIGH isogee, weusi uliomzunguka uuache chini, kisha pima upya.