Trela yetu ilipoitwa filamu

Mzee mmoja wa barazani kwetu, Mji wa Kale wa Mombasa, alitazama trela yetu kwenye simu yangu hadi mwisho, akanirudishia simu, akanywa kahawa yake, kisha akasema: "Mashallah, mwanangu. Filamu nzuri, ila fupi."

Nilicheka. Usiku sikucheka tena, kwani nilipoifungua kompyuta na kuitazama upya nikaona mzee hakukosea. Trela ilikuwa ya sekunde 110 na filamu yenyewe ni ya dakika 13, maana yake tulikuwa tumetoa bure kipande kimoja katika kila saba. Mwaka 2014 chama cha wenye kumbi za sinema Marekani kilipendekeza trela zisizidi dakika 2, na hizo ni trela za filamu za saa mbili. Mwenye filamu fupi akiiga urefu huo huwa ameshamaliza kusimulia.

Filamu yetu inaitwa *Kiua*. Imeshaonyeshwa, kwa hivyo naweza kuieleza bila kumharibia mtu. Bibi mmoja mshonaji wa kofia za viua, vile vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi, anajiwa na kijana mgeni aliyeleta kofia kuukuu itengenezwe. Bibi anaitambua. Aliishona mwenyewe kwa ajili ya mwanawe, aliyepotea baharini miaka 11 nyuma, na kuna kiua kimoja aliachia wazi makusudi bila kukizungushia uzi, alama yake. Kijana anamwuliza kama anaijua kazi ile. Bibi anakana. Mwisho tunajua kwamba kijana ni mjukuu wake.

Skripti ya kwanza ya trela niliiandika mimi, na niliiandika vibaya kwa sababu nilifuata mpangilio wa filamu. Ilianza na Fort Jesus kutoka angani (kila trela ya Mombasa huanza hapo, utadhani ni sheria ya kaunti), ikaja kwa bibi, ikaja kofia, halafu machozi, halafu mwiba wa mwisho. Mwiba ndio naita kile kipande kifupi kinachotoka baada ya jina la filamu, mtu akidhani yameisha. Mwiba wangu ulikuwa kijana akisema, "Bibi, mimi ni mjukuu wako."

Yaani nilichukua dakika ya 12 nikaibandika kwenye tangazo. Niliichagua kwa kuwa ndiyo iliyotutoa machozi sote chumba cha kuhariri. Lakini sisi tulilia kwa sababu tulikuwa tumeishi na bibi dakika 12. Mtu wa barazani ameishi naye dakika moja na nusu, kwake ile ni habari tu, na habari ikishapokewa haina haja ya kufuatwa.

Kuna wanaosema yatosha kuficha mwisho. Mimi naona haitoshi. Swali la "kijana huyu ni nani?" ni jepesi, mtazamaji hulijibu mwenyewe kabla hajalala, tena hulijibu sawasawa. Swali lenye nguvu katika filamu yetu lilikuwa dakika ya 5: mama amepata kofia ya mwanawe aliyepotea, mbona akane? Hilo huwezi kulikisia, kwani jibu lake limo katika tabia ya mtu. Basi tukapiga mstari kwenye dakika ya 6. Picha yoyote iliyo baada ya hapo haingii kwenye trela, hata iwe nzuri vipi. Mwongozaji alikuwa na picha moja ya bahari alfajiri ya dakika ya 10 aliyoipenda kama mtoto wake. Tulizozana siku mbili.

Trela ya pili ikawa ya sekunde 58. Inaanza na kiza na sauti ya uzi ukivutwa kwenye kitambaa chenye wanga. Sauti ile ni ndogo mno, tulimsogezea bibi maikrofoni karibu na kidole. Kisha mkono, sindano, kiua kinafungwa. Kufikia sekunde ya 12 kijana yuko mlangoni na kofia iliyofungwa kwa gazeti. "Bibi, waweza kunitengenezea hii?" Bibi anaifungua, kidole chake kinatambaa juu ya viua kimoja kimoja, kinafika kile kilicho wazi, kinasimama. Hapo tumekaa sekunde 4 nzima, katikati ya trela, na hakuna kinachotendeka. Mtaalamu mmoja alituambia tupunguze. Tulikataa, kwa sababu mtazamaji ndipo anapotambua kitu mwenyewe, na akiharakishwa hakioni.

Muziki ulikuwa ukipanda. Tukaukata ghafla, si kuupunguza taratibu, na katika ukimya bibi anasema, "Si mshono wangu huu."

Sasa kadi za maandishi. Skripti ya kwanza ilikuwa na tano, na zote zilikuwa porojo. Tatu kati ya hizo: KATIKA MJI WA KALE, SIRI ILIYOFICHWA KWA MIAKA, JE, UKWELI UTAJULIKANA? Kadi ya kwanza inasema kile ambacho milango na vichochoro vimeshasema. Ya pili inatangaza siri badala ya kuifanya ihisiwe. Ya tatu inamwuliza mtazamaji swali alilopaswa kujiuliza mwenyewe. Kadi ina kazi moja tu, kutoa kile ambacho picha haiwezi kutoa, na kwetu kitu hicho kilikuwa ile miaka. Tukabakisha mbili. Kabla ya kijana kuingia: *Miaka 11, mwenyewe hakurudi.* Baada ya gazeti kufunguliwa: *Kofia imerudi.* Ya pili haina maana bila ya kwanza, na hiyo ndiyo raha yake. Muda wa kila kadi tuliupima kwa kuisoma mara mbili kwa sauti, bila haraka. Wengi hutazama kwenye matatu, simu mkononi, sauti imezimwa.

Kadi ya jina nayo ilitupa tabu tusiyoitarajia. Mwanzo tuliliweka jina mbele kabisa. Rafiki mmoja wa bara akaona neno KIUA jeupe juu ya kiza, akauliza nani ameuawa. Hakulijua neno kwa maana ya kitundu cha kofia, kwake lilitoka kwenye kuua. Kwa hivyo jina likasogezwa hadi sekunde ya 51, baada ya kidole kusimama na baada ya bibi kukana. Wakati huo hata asiyejua neno ameshakiona kitu chenyewe.

Baada ya jina ni kiza, kisha mwiba. Kiza tulikijaribu mara tatu. Tulirekodi fremu 25 kwa sekunde. Kiza cha fremu 12 kilionekana kama kosa la mhariri, cha fremu 50 watu wakaweka simu chini. Cha 30 kilikaa. Kisha usiku, taa moja, bibi peke yake na kofia magotini. Anachukua wembe, anaanza kufumua viua. Uzi unakatika, kat! Basi. Hakuna orodha ya majina baada yake, hakuna nembo.

Mwiba ule haujibu kitu. Unachukua swali ulilokuwa nalo na kulizidisha: si kwamba anakana tu, anaifuta alama yake. Na umetoka dakika ya 6 kamili, kwenye mstari wetu.

Nilimrudia mzee na sekunde zangu 58. Alitazama mara moja, akairudisha nyuma mwenyewe kwa kidole, akatazama tena. "Yuwafumua nini huyu?" akauliza. Sikumjibu. Mwongozaji naye hadi leo ananidai picha yake ya bahari.