Kupiga na kujua ulichopiga: ubishi wa mabomu ya anga

Je, mabomu ya ndege yalisaidia kuishinda Ujerumani katika Vita vya Pili vya Dunia? Wanahistoria hawajakubaliana hadi leo. Wapo wanaosema miji ilichomwa, raia kwa mamia ya maelfu wakafa, na bado viwanda vya silaha vikazidi kuzalisha hadi katikati ya 1944. Wengine wanajibu kwamba bila mabomu hayo vifaru vya Hitler visingekwama kwa kukosa petroli. Kila upande una ushahidi wake. Ninavyoona mimi, ubishi huu haueleweki mpaka turudi kwenye kazi ya kwanza kabisa ya chombo cha angani, nayo haikuwa kupiga. Ilikuwa kuona.

Tarehe 26 Juni 1794, kwenye mapigano ya Fleurus katika Ubelgiji ya leo, jeshi la Ufaransa lilipandisha puto lililoshikiliwa kwa kamba. Jean-Marie Coutelle alikaa humo kwa saa nyingi akitazama Waaustria wanavyojipanga, na taarifa zake zikateremshwa chini kwa maandishi. Wafaransa walishinda, kisha wakaanza kubishana kama puto lilikuwa na mchango wowote. Miaka mitano baadaye kikosi cha maputo kikavunjwa. Kwa hiyo shaka juu ya thamani ya nguvu za anga ina umri sawa na nguvu zenyewe.

Thamani ya jicho la angani ilionekana wazi zaidi kwenye delta ya Rufiji. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa imeizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar mnamo Septemba 1914, ilijificha kwenye mikondo ya delta nyuma ya mikoko. Meli kubwa za Uingereza hazikuweza kuingia kwenye maji yale mafupi, na kutoka baharini hakuna aliyeweza kuiona. Waingereza wakaleta meli mbili bapa zenye mizinga, Severn na Mersey, pamoja na ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia. Jaribio la Julai 6, 1915 lilishindwa ingawa makombora mengi yalifyatuliwa. Julai 11 ndege ilizunguka juu na kuwaambia wapiga mizinga, kombora kwa kombora, walikuwa wamekosea kwa kiasi gani. Hata ilipopigwa na kuanza kuanguka, walioirusha waliendelea kutuma masahihisho. Siku hiyo Königsberg iliangamizwa. Ndege haikuiua kwa bomu lake. Ilichofanya ni kuona kila pigo limeangukia wapi na kulirekebisha lililofuata.

Wakati huo huo wazo jingine lilikuwa linakua. Novemba 1, 1911, rubani Mwitaliano Giulio Gavotti alidondosha mabomu madogo ya mkono karibu na Tripoli, Libya. Juni 13, 1917, ndege za Kijerumani aina ya Gotha zilipiga London mchana kweupe na kuua watu 162, wakiwemo watoto 18 wa shule moja ya Poplar. Hasira ya wananchi ikailazimu serikali kutafuta jibu, na kazi hiyo akapewa Jan Smuts, jenerali yule yule aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani Afrika Mashariki mwaka 1916. Ripoti yake ya Agosti 1917 ilisema huenda siku haiko mbali ambapo mashambulizi ya anga juu ya viwanda na miji yatakuwa ndiyo vita yenyewe, na majeshi ya nchi kavu na baharini yatafuata nyuma. Kutokana na ripoti hiyo, Jeshi la Anga la Uingereza likaundwa Aprili 1, 1918. Mwaka 1921 Mwitaliano Giulio Douhet alikwenda mbali zaidi, akidai kwamba ukiipiga miji vya kutosha, raia wenyewe wataishurutisha serikali yao isalimu amri.

Hapo ndipo kupiga kulipotengana na kuona. Nadharia ilidhani kwamba ndege ikifika juu ya nchi ya adui, lengo litapigwa. Karibu hakuna aliyepima.

Kipimo kilikuja Agosti 1941. Ofisa wa serikali ya Uingereza aliyeitwa Butt alipewa zaidi ya picha 600 zilizopigwa na ndege za mabomu usiku, wakati wa mashambulizi ya Juni na Julai. Alichukua zile ndege tu ambazo marubani walidai wamelipiga lengo. Akakuta kwamba ni moja kati ya tatu iliyokuwa imefika ndani ya maili tano, yaani kilomita nane, kutoka kwenye lengo. Juu ya bonde la Ruhr, lenye viwanda vingi na moshi mzito, ilikuwa moja kati ya kumi. Waingereza walikuwa wakiwapoteza vijana wao kila usiku ili kulima mashamba ya Wajerumani kwa mabomu.

Jibu la wakuu lilikuwa kulipanua lengo hadi lisiweze kukoswa. Agizo la Februari 14, 1942 lilielekeza mashambulizi yalenge kuvunja moyo wa raia, hasa wafanyakazi wa viwandani, na siku chache baadaye Arthur Harris akapewa uongozi wa ndege za mabomu. Katika mashambulizi ya Hamburg mwishoni mwa Julai 1943, moto uliwaka hadi ukavuta upepo kama tufani, na watu wanaokaribia 40,000 wakafa. Lakini raia wa Ujerumani hawakuasi, kama raia wa London hawakuasi walipopigwa mwaka 1940 na 1941. Juu ya hoja hii ya Douhet sioni pa kusitasita: ilijaribiwa kwa gharama ya kutisha ya roho za watu, na ikashindwa.

Wamarekani walichagua njia nyingine: kuruka mchana na kupiga kiwanda kimoja ambacho vingine vyote vinakitegemea. Walichagua beringi. Hakuna injini, kifaru wala ndege inayozunguka bila beringi, na karibu nusu ya beringi za Ujerumani zilitoka mji mmoja, Schweinfurt. Kwenye karatasi ulikuwa mpango mzuri kabisa. Agosti 17, 1943 walipiga Schweinfurt na Regensburg siku moja, wakapoteza ndege 60. Oktoba 14 walirudi Schweinfurt na ndege 291, wakapoteza nyingine 60, kila moja ikiwa na watu kumi. Hakuna jeshi linaloweza kuvumilia hasara ya namna hiyo. Ndege za kusindikiza hazikuwa na mafuta ya kufika mbali hivyo, na ikabidi wangoje hadi Februari 1944 kabla ya kurudi.

Muda huo ndio uliowaokoa Wajerumani. Albert Speer, waziri wa silaha, alikiri baada ya vita kwamba uzalishaji ulishuka vibaya, na kwamba kama mashambulizi yangefuatana mfululizo hali ingekuwa mbaya sana. Lakini viwanda vilikuwa na akiba ya beringi, nyingine zikanunuliwa Sweden, mitambo mingine ikabadilishwa michoro ili isizitumie kabisa, na kazi ikatawanywa kwenye miji midogo. Zaidi ya hayo, picha za angani zilionyesha mapaa yaliyoporomoka, nazo mashine zilizokuwa chini ya mapaa zilikuwa bado nzima nyingi. Jicho lilikuwepo, ila liliona jengo likashindwa kuona kazi iliyomo.

Sasa tuje Leuna, ambako kwa maoni yangu hoja yote inaamuliwa. Ujerumani haikuwa na visima vya kutosha, hivyo petroli ya ndege ilitengenezwa kutokana na makaa ya mawe katika viwanda vikubwa visivyohamishika, Leuna kikiwa miongoni mwa vikubwa zaidi. Mei 12, 1944 Wamarekani walikipiga, safari hii wakisindikizwa na ndege aina ya Mustang zenye uwezo wa kwenda na kurudi. Kiwanda kilisimama. Maelfu ya wafanyakazi wakakifufua kwa sehemu ndani ya siku kumi hivi. Kikapigwa tena Mei 28, na mwanzoni mwa Julai kilikuwa kimefikia asilimia 75 ya uwezo wake. Kikapigwa Julai 7. Kufikia Julai 19 kilikuwa kwenye asilimia 53. Kikapigwa Julai 20, kikainuka hadi 35, kikapigwa tena siku mbili mfululizo mwishoni mwa mwezi huo huo.

Tazama jinsi namba zinavyoshuka kila kinapoinuka. Hakuna shambulio moja lililokimaliza. Kilichokimaliza ni kwamba picha za upelelezi zilifuatilia matengenezo, na ndege zikarudi kabla kiwanda hakijapata nguvu. Yalihitajika mashambulizi 22, safari za ndege 6,552 na tani 18,328 za mabomu, mengi yakianguka nje ya uzio kwa sababu ya mawingu na moshi uliofukizwa kukificha. Tangu shambulio la kwanza hadi mwisho wa vita, Leuna ilizalisha wastani wa asilimia 9 tu ya uwezo wake. Kwa Ujerumani nzima, petroli ya ndege ilishuka kutoka tani 175,000 Aprili 1944 hadi tani 5,000 hivi Septemba. Marubani wapya wakapelekwa vitani na saa chache za mafunzo, kwa kuwa hapakuwa na mafuta ya kujifunzia.

Wapinzani wana jibu zito hapa, na sipendi kulipita. Mwishoni mwa Agosti 1944 jeshi la Urusi liliteka visima vya Ploiești, Romania, na hilo nalo liliinyima Ujerumani mafuta. Tena, upungufu wa petroli huuma pale tu adui analazimika kuichoma. Bila majeshi ya nchi kavu kusukuma kutoka mashariki na magharibi, Wajerumani wangeweza kuegesha vifaru na kungoja. Hoja hii naikubali kabisa, nayo inavunja ndoto ya Smuts kwamba ndege zitafanya kazi peke yake. Haivunji matokeo ya Leuna.

Ubishi mgumu zaidi unamhusu Harris. Aliudharau mpango wa mafuta, na katika miezi mitatu ya mwisho ya 1944 zaidi ya nusu ya mabomu yake yaliangukia miji. Wanaomtetea wanasema mawingu ya majira ya baridi yaliifunika Ujerumani, na rada za wakati ule ziliweza kuutambua mji lakini si kiwanda. Wanaongeza kwamba ndege zake zilivipiga vikali viwanda vya mafuta vya Ruhr. Yote hayo ni kweli. Lakini kati ya mashambulizi yale 22 ya Leuna, mawili tu yalikuwa ya Waingereza, na kufikia Novemba 20 kiwanda hicho kilikuwa kimejiinua tena hadi asilimia 28. Mawingu yanaeleza sehemu ya uamuzi wake. Sehemu iliyobaki ni mtu aliyekuwa na picha mezani, zinazoonyesha nini kinafanya kazi na nini hakifanyi, akaendelea kuchoma miji.