Mara 28, lakini kwa miaka mingapi?

Hapa Unguja, kila yanapozuka mazungumzo ya tabianchi, hakosekani wa kusema kwamba gesi ya methani, tani kwa tani, ina nguvu ya kupasha joto mara 28 kuliko kaboni dayoksidi. Basi mkulima wa mpunga wa bonde la Cheju, ambaye shamba lake lililofurika maji hutoa methani, akaonekana mkosaji kuliko dereva wa daladala. Namba hiyo si ya uongo, ila imekatwa mkia: ni mara 28 ukihesabu joto la miaka 100. Ukihesabu la miaka 20, tani ile ile inafika mara 80 hivi.

Methani ni kali kwa sababu hunasa mawimbi ya joto ambayo kaboni dayoksidi haiyazuii, tena angani ni chache mno, chini ya sehemu 2 katika milioni, kwa hiyo kila inayoongezeka inapata kazi ya kufanya. Kaboni dayoksidi imepindukia sehemu 420, na mawimbi yake mengi yameshazibwa.

Lakini methani haikai. Hidroksili, chembe zinazozaliwa na jua na unyevu, huivunja, na baada ya miaka 12 hivi karibu theluthi mbili ya tani moja imeshaondoka. Baada ya miaka 60 haibaki hata asilimia moja. Kaboni dayoksidi haina cha kuivunja. Hunywewa polepole na bahari na mimea, na miaka 100 ikipita karibu asilimia 40 bado iko juu. Fungu lake jingine litakaa maelfu ya miaka.

Sasa rudi bondeni. Shamba la mpunga ambalo kwa miaka hamsini limelimwa eneo lile lile, kwa maji yale yale, methani yake ya mwaka huu inaziba tu pengo la ile ya zamani inayovunjika. Joto lake lipo, lakini haliongezeki sana. Dizeli ya daladala, karibu kilo 2.7 za kaboni dayoksidi kwa kila lita, inarundikana juu ya ya jana na ya juzi. Kwangu mimi, kuwaweka wawili hawa kwenye mizani moja ya mara 28 ni kumwonea mkulima.

Hapo simsafishi. Akiongeza eneo la kufurikisha maji, joto jipya linakuja haraka na kwa ukali. Na akipunguza, nafuu inaonekana ndani ya miongo michache, jambo ambalo kuegesha daladala zote hakuwezi kulileta.

Njia ipo: vijidudu vya methani hufanya kazi kwenye tope lisilo na oksijeni, basi shamba huachwa likauke kidogo. Bomba lenye matundu huzikwa shambani ili kuona kina cha maji, na maji yakishuka sentimita 15 chini ya udongo ndipo yanafunguliwa tena. Methani hupungua kwa theluthi moja hadi nusu. Ila mpunga ukiwa unatoa maua usiuachie ukauke, na mbolea ya chumvichumvi isizidi, maana udongo unaokauka na kuloa hutoa oksidi ya naitrojeni, gesi joto nyingine, nayo hukaa zaidi ya miaka 100.