Namba Hiyo Inahesabu Nini?

Mpwa wangu anayesomea uandishi wa habari alinijia nyumbani hapa Moshi na makala aliyotoa nakala steshenari ya karibu na stendi, kurasa zote zikiwa zimepakwa wino wa njano, jambo ambalo kwangu ni dalili kwamba msomaji hajachagua chochote. "Mjomba," akasema, "hawa wamethibitisha kwamba vyombo vya habari ndivyo vinavyompangia kila mtu mambo ya kujali."

Ilikuwa makala ya watafiti wa habari McCombs na Shaw ya mwaka 1972, kuhusu uchaguzi wa rais wa Marekani wa 1968. Hoja yake hupatikana mapema: vyombo vya habari huenda visibadili msimamo wako juu ya jambo fulani, lakini hukuonyesha jambo lipi ni kubwa. Mbinu nayo haifichiki. Watafiti waliwahoji wapiga kura 100 wa mji wa Chapel Hill, Marekani, ambao hawakuwa wameamua wampigie nani, wakawauliza masuala yanayowagusa zaidi, kisha wakalinganisha majibu na uzito ambao magazeti, majarida na televisheni viliyapa masuala hayo. Uwiano, yaani kipimo cha kufanana ambacho kikifika 1 ni kufanana kabisa, ukatoka 0.967.

Hapo ndipo wengi hufunga kitabu, nami naona ndipo kazi inapoanzia. Nilimuuliza mpwa wangu namba hiyo inahesabu nini, akajibu, "Watu mia." Sivyo. Waliohojiwa ni mia, lakini kilicholinganishwa ni orodha mbili za masuala machache, kama sera ya nje na sheria na utulivu, baada ya majibu ya watu wote kujumlishwa.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Redio inatangaza maji zaidi, halafu barabara, halafu shule, na mwisho soko. Unawauliza watu kumi suala moja tu linalowasumbua: wanne wanataja maji, watatu barabara, wawili shule, mmoja soko. Ukijumlisha, mpangilio unafanana na wa redio bila kasoro, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyekupa mpangilio huo, na pengine yule wa soko hana redio kabisa. Kwa hiyo neno "kila mtu" la mpwa wangu halina pa kusimama.

Udhaifu wa pili ni wa wakati. Kwa kuwa watu walihojiwa mara moja tu, matokeo hayawezi kusema kati ya vyombo vya habari na watu nani alimtangulia mwenzake, kwa maana mabomba yakikauka, mwandishi na mama mwenye ndoo huanza kulalamika siku ileile.

Sidai kwamba makala ni mbovu. Sehemu inayopima kama wapiga kura hufuata habari za chama chao tu ndiyo naiheshimu zaidi. Nilimrudishia kurasa zake nikamtaka atafute mahali ambapo waandishi wenyewe wanakiri kwamba uwiano huo hauthibitishi hoja yao. Alikuta sentensi hiyo karibu na mwisho, na ndiyo pekee ambayo hakuwa ameipaka wino.