Viwanja vya mkopo na jina la muuzaji: bango kubwa au daftari lililo wazi?

Kampuni inayouza nyumba iliyo bado kwenye msingi, au kiwanja ambacho hati yake haijatoka, haina cha kumkabidhi mteja siku ya malipo zaidi ya mkataba, risiti na neno lake. Wanaoanzisha kampuni za aina hii Dar es Salaam na Pwani hubishana mapema: fedha za kujitangaza ziende kwenye mabango, redio na msanii maarufu, au ziende kwenye mambo ambayo mnunuzi anaweza kuyahakiki mwenyewe?

Wanaotetea jina kubwa hawakosi hoja. Mradi unaouzwa kabla ya kukamilika unahitaji wanunuzi wa mwanzo, maana malipo yao ndiyo yanayousogeza. Mtanzania aliyeko Muscat hawezi kuja Kibaha kukagua mawe ya mipaka, kwa hiyo atauliza kwanza hawa ni akina nani. Isitoshe, kampuni inayofahamika ina mengi ya kupoteza ikidanganya kuliko dalali mwenye simu tu.

Lakini jina linakuambia unashughulika na nani. Halikuambii fedha ya kumalizia kazi itatoka wapi. Shirika la Nyumba la Taifa, NHC, lina jina ambalo hakuna kampuni binafsi ya ujenzi nchini inayoweza kulifikia, na bado mradi wake wa Kawe 711 ulisimama kwa miaka kadhaa kwa kukosa fedha, huku baadhi ya wanunuzi wakiwa wameshalipa. Ujenzi uliendelea baada ya Serikali kuliruhusu shirika kukopa. Kama hilo lilimpata NHC, kampuni changa isitegemee nembo pekee.

Kwenye viwanja tatizo huanzia kwenye neno moja la tangazo: "vimepimwa." Mara nyingine lina maana kwamba mpima amefika shambani na kusimika mawe, basi. Kinachotakiwa ni zaidi ya hapo: mchoro wa mipango miji uwe umeidhinishwa, kisha ramani ya upimaji iidhinishwe na kupewa namba, ndipo maombi ya hati yaendelee. Kampuni inayotaka kuaminika ingeandika kwenye tangazo lenyewe mradi umefika hatua ipi kati ya hizo, na kumpa mteja namba ya mchoro na ya ramani akaulize ofisi ya ardhi.

Jambo la pili ni zito zaidi, nalo ni njia ya fedha. Tuchukue mfano wa viwanja 100 vya Kibaha, kila kimoja shilingi milioni 6, kulipwa laki 5 kwa mwezi kwa mwaka mmoja. Wakipatikana wanunuzi 70, zinaingia milioni 35 kila mwezi. Mwezi wa nne kampuni inaona shamba zuri Bagamoyo na kulilipia kwa fedha hizo, kabla ya kumaliza gharama za upimaji na hati za Kibaha. Kuanzia hapo hati za Kibaha zinasubiri wateja wa Bagamoyo. Mauzo yakipungua, mtu aliyemaliza kulipa anaambiwa hati "ipo kwenye mchakato," na huenda mwenye kampuni hakuwa na nia ya kuiba hata kidogo. Dalili yake huonekana mapema: miradi mipya inafunguliwa wakati wanunuzi wa mradi uliotangulia hawajapata hati.

Dubai iliweka sheria mwaka 2007 ya kutaka malipo ya wanunuzi yakae kwenye akaunti maalumu ya mradi, na India kwa sheria ya 2016 inataka asilimia 70 ya malipo ya wanunuzi itengwe kwa ajili ya ardhi na ujenzi wa mradi husika. Kampuni ya hapa kwetu inaweza kujifunga hivyo kwa hiari: akaunti moja kwa kila mradi, na kwa nyumba, fedha zitolewe pale mkadiriaji majenzi asiye mwajiriwa wake anapothibitisha kwamba msingi, lenta au paa limekamilika.

Gharama ipo, na si ndogo. Fedha iliyofungwa haiwezi kununua shamba la bei nzuri lililojitokeza leo, kwa hiyo kampuni hukua polepole. Ikisema kweli kwamba hati zinaweza kuchukua mwaka mzima, jirani anayeahidi siku 90 atachukua wateja wenye haraka. Na wanunuzi wa mwanzo hupewa bei ya chini kwa sababu wanabeba hatari; ukiwaondolea hatari hiyo, ni vigumu kubaki na bei ileile.

Hata hivyo, naona mizani inalalia kwenye daftari lililo wazi, hasa kuanzia mradi wa pili, pale wateja wa kwanza wanapoulizwa na ndugu zao kama wamepata hati. Ningeweka fedha ya bango moja la barabara ya Morogoro kwenye jedwali linalotolewa kila robo mwaka: viwanja vilivyouzwa, vilivyolipiwa vyote, hati zilizokabidhiwa, na zilizochelewa pamoja na sababu yake. Safu hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuandika, na ndiyo mnunuzi makini ataisoma kwanza.