Bwana Organization na Nukta Zake

Ujumbe wa msimamizi wangu ulikuwa na mstari mmoja: "Kazi nzuri. Ila idara inataka marejeleo ya mtindo wa Vancouver, siyo APA. Badilisha." Badilisha! Kama anamtuma mtoto akalete kiberiti. Tasnifu ina kurasa 240 na marejeleo 212, na mimi nilishaanza kujiita daktari nikiwa peke yangu bafuni.

Sikupaniki, mimi mtu mzima. Nina programu ya marejeleo, na kutoka majina na miaka ya APA kwenda namba za Vancouver ni kubofya jina la mtindo tu. Nikabofya. Nikakunja mikono, nikaegemea kiti, nikasubiri namba zijipange kwa heshima.

Zikajipanga. Nikashuka hadi kwenye orodha na hapo nikakutana na mtu nisiyemjua:

Organization WH.

Nikasoma tena. Ni nani huyu? Nikashuka, namba 23, yeye. Namba 40, yeye. Jumla kazi 11! Nikaanza kumwonea wivu. Mtu ana machapisho 11 ndani ya tasnifu yangu, na mimi sikumbuki hata kumsoma. Ilichukua muda kugundua kwamba Bwana Organization, jina la kwanza W, jina la kati H, ni Shirika la Afya Duniani. Siku ya kuliingiza nilijaza World Health kwenye kisanduku cha jina la kwanza, na Organization kwenye cha ukoo. Programu nayo haina ubishi: ukoo unatangulia, majina mengine yanakatwa herufi za kwanza, bila nukta. Ndivyo Vancouver inavyotaka.

Sasa utauliza, mbona kwenye APA hakuonekana? Alionekana! Nilimfuta mwenyewe. Nilienda kwenye Word nikaandika jina sahihi kwa mkono juu yake mara 11, nikajipongeza. Kumbe programu haisomi ulichoandika kwenye hati. Orodha inaitoa upya kutoka kwenye maktaba yake, na maktabani Bwana Organization alikuwa ametulia anakunywa chai. Kila kiraka nilichoshona kwa mkono miaka mitatu kilifutika kwa bofyo moja. Kumtibu kulikuwa ni kwenda maktabani, kugeuza visanduku viwili vya jina viwe kimoja, kisha kusasisha hati. Sekunde 10 kwa kila kazi. Kumbe ningelifanya hivyo siku ya kwanza! Miaka mitatu!

Mahali pa uchapishaji sitaki hata kupazungumzia. Toleo la saba la APA halipataki, nikafuta miji yote maktabani ili kuwe safi. Vancouver inaitaka. Nikarudi kuifukua.

Halafu sentensi zenyewe. Kuna mahali jina la mwandishi nililiacha ndani ya alama ya rejea, kwa hiyo sasa sura ya pili inasema: "(17) anapinga vikali hoja ya (9)." Utadhani mechi, winga anamlalamikia mshambuliaji.

Na hiyo sura ya pili ndiyo iliyonimaliza. Katikati ya namba kulikuwa na mabano yenye majina na miaka, yamekaa tu, hayakubadilika. Hizo ni zile nilizoandika kwa kidole usiku mtandao ulipokatika, nikasema nitaziunganisha kesho. Nikabonyeza Alt+F9: rejea zilizo hai zikageuka mistari mirefu inayoanza na `{ ADDIN`, zile za kidole zikabaki vilevile, zinaniangalia. Arobaini na moja. Nikaunganisha ya kwanza, ukurasa wa 31, na kwa kuwa namba zinafuata mpangilio wa kutokea, iliyokuwa 12 ikawa 13, 13 ikawa 14, hadi mwisho wa kitabu. Sawa, programu inajua kuhesabu. Lakini chini ya majedwali nilikuwa nimeandika mwenyewe "chanzo: 12". Jedwali la wagonjwa wa malaria sasa linamshukuru mtu aliyeandika kuhusu vyoo.

Haya yote kwa sababu wahariri wachache wa majarida ya tiba walikutana Vancouver, Kanada, mwaka 1978, wakakubaliana. Hawangeweza kwenda kutembea ufukweni?

Mama akapiga simu saa nne usiku. "Bado unaandika kile kitabu?"

"Nimemaliza, mama. Natoa nukta kwenye majina."

"Nukta? Nani aliziweka?"

"Mimi."

Kimya. Nikaona nimweleze vizuri, nikaanza na Bwana Organization na kazi zake 11. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akashusha pumzi.

"Mwenzio kaandika 11, mwanangu. Wewe kimoja tu hakiishi."