Mnaitisha kikao wakati wa giza, halafu mnasema wazazi hawana mwamko

Wiki iliyopita nilimwakilisha kaka yangu kwenye kikao cha wazazi, shule moja iliyo jirani na mwalo wa dagaa huku kwetu Ziwa Victoria. Barua ilisema saa tatu asubuhi. Kikao kikaanza saa tano, kama ada. Mgeni rasmi akasimama, akavitazama viti vitupu, kisha akatugombeza sisi tuliokuja kwa makosa ya wale ambao hawakuja. Wazazi wa hapa, akasema, hawana mwamko wa elimu. Neno hilo nililihesabu mara saba.

Nyuma yake, dirishani, ziwa lilionekana vizuri tu. Na mchangani walionekana akina mama haohao wasio na mwamko, wameinama wanageuza dagaa. Waliamka saa tisa usiku. Sijui mgeni rasmi aliamka saa ngapi.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba chumba kile kilijaa walimu, na kila mmoja wetu aliyepita chuo cha ualimu alikariri duara za mwanasaikolojia Bronfenbrenner. Mtoto katikati, nyumbani, darasani na marafiki vinamzunguka, kisha uhusiano kati ya hivyo, kisha sehemu ambazo mtoto hafiki lakini zinamgusa, kisha mila, sheria na imani za jamii, na muda unapita juu ya vyote. Yeye alizifananisha na wanasesere wa Kirusi wanaoingiana. Mimi darasani nilikuwa nasema seti ya sufuria, ndogo ndani ya kubwa. Tulizichora kwenye mtihani, tukapata alama, tukazisahau. Ukifika kituo cha kazi, mtoto akifeli, jibu ni moja: mama yake.

Nitawapa mfano mmoja, maana nimefundisha miaka kumi na tisa na huyu sijamsahau.

Alikuwa darasa la tano, mvulana mpole, mwandiko mzuri. Hesabu zake zilikuwa za ajabu. Nusu jumlisha theluthi akaandika 2/5: juu kwa juu, chini kwa chini. Lakini kuzidisha sehemu alikuwa anapata zote. Mtoto mzito kichwani hafanyi hivyo. Huyo ni mtoto aliyekosa vipindi fulani, na vipindi vyenyewe ni vile tulivyotafuta kigawe kidogo cha shirika, KDS, ili kulinganisha asili kabla ya kujumlisha. Aliporudi tulikuwa tumeshahamia kwingine.

Nikafungua daftari la mahudhurio. Katika wiki nane, yaani siku 40 za masomo, alikosa 11. Mwalimu mwenzangu akasema, "Mtoro huyo, mwite mzazi." Lakini utoro wa kawaida una sura yake. Mtoto anakosa Jumatatu na Ijumaa, au anakosa siku ya gulio. Huyu alikuwa anakosa siku tatu au nne mfululizo, kisha anakuja wiki mbili nzima bila kukosa hata siku moja, kisha anapotea tena. Nilikaa nalo siku kadhaa bila kuelewa. Jibu likaja nikiwa dukani nanunua chumvi, ukutani kuna kalenda ya msikiti yenye tarehe za mwezi mwandamo. Nikaomba kalamu. Siku 9 kati ya zile 11 zilikuwa kati ya mwezi 24 na mwezi 4.

Mtu wa ziwa hahitaji kuelezwa zaidi. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa hufanya kazi gizani. Mbalamwezi ikiwaka, samaki hawakusanyiki kwenye taa, mitumbwi inalala. Giza likiingia, mitumbwi inarudi alfajiri imejaa, akina mama wanagombania ndoo, wanakimbia kuanika jua likichomoza, na lazima wazigeuze na wazilinde hadi zikauke. Mvua ikizinyeshea, zinauzwa kwa bei ya chakula cha kuku.

Nilimfuata mama yake mwaloni jioni moja. "Shikamoo mwalimu," akaniambia, mama wa umri wangu, kwa woga, akidhani nimekuja na mtendaji. Kumbe alikuwa na mtoto mchanga. Zamani bibi ndiye aliyekuwa anamlea, lakini bibi alihamia Ukerewe kwa mwanawe mwingine, na tangu hapo, giza likiingia, mvulana ndiye anabaki na mdogo wake mpaka saa sita. "Mwalimu, mimi nataka asome. Ningekuwa sitaki nisingemnunulia daftari."

Sasa zipange hizo sufuria. Mwezi, tajiri mwenye mtumbwi, bei ya ndoo: mtoto hajawahi kukaa mahali yanapoamuliwa hayo, lakini ndiyo yaliyoamua kama atajua KDS. Bibi kuhama ni muda. Na ile sufuria ambayo hakuna aliyekuwa anaishika ni ya kati, kiungo cha nyumba na shule. Nyumbani hapakuwa na ubaya. Darasa langu, pamoja na watoto wake 90, halikuwa baya sana. Ila hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua yote mawili kwa pamoja: shule haikujua kuhusu bibi, mama hakujua kuhusu KDS. Bronfenbrenner alilisema hili tangu 1979, na baadaye akawalalamikia watafiti wenzake kwamba wameshika mazingira wakamwacha mtoto. Mwishoni alisisitiza kwamba kinachomkuza mtoto ni shughuli anayoifanya na mtu mwingine mara kwa mara, kwa muda mrefu, ikizidi ugumu kidogo kidogo. Hesabu za sehemu ndizo hizo hasa. Kata siku nne katikati, ngazi imevunjika.

Tulifanya nini? Vitu viwili vidogo. Akina mama wanne wenye watoto wachanga walikubaliana kuwaacha kwa mzee mmoja mwenye nyumba jirani na mwalo, kila mmoja akimpa kopo la dagaa kwa siku. Mimi nikahamishia Hesabu baada ya mapumziko katika siku za giza, ili anayechelewa asikose mada mpya. Giza lililofuata alikosa siku moja. Lililofuata, mzee aliugua, akakosa tatu. Hakuwa wa kwanza darasani, na mwenye darasa la watoto 90 na walimu wachache hawezi kuhamisha ratiba kwa kila mtoto, najua.

Na ndiyo, wapo wazazi wasiojali. Nimewaona, wengine wanakunywa hela ya daftari mchana kweupe. Basi waiteni hao kwa majina yao. Suala la uji shuleni nalo ni la kweli, na Kiingereza kinachowasubiri sekondari ni mada ya siku nyingine. Faini ya mtendaji pia ipo, sheria ni sheria, lakini ukimtoza mama huyu faini atailipa kwa siku nyingi zaidi za mwaloni, na unajua nani atabaki na mtoto mchanga.

Baada ya kikao nilimfuata mwalimu mkuu, nikamwomba kikao kijacho kiwe mbalamwezi, mwezi 14 au 15, saa kumi jioni. Alicheka, akasema tarehe imeshapelekwa juu, haibadiliki. Nikapitia tena pale dukani kuangalia kalenda.

Ni mwezi 27.